Dawa Kwenye Kikombe Chekundu

Mjukuu wangu tunamwita Mheshimiwa. Jina hilo alipewa na baba yake siku alipokalia kiti kikubwa cha sebuleni, miguu haifiki hata ukingoni, akaagiza aletewe maji, redio izimwe, na mimi niache kuimba kwa sababu naimba vibaya. Ana miaka minne. Tangu siku ile jina limemganda. Hata muuza maziwa akipita huuliza, "Mheshimiwa ameamkaje leo?"

Siku ninayoisimulia, Mheshimiwa hakuagiza kitu. Aliamka kimya, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama kuku mgonjwa, mkono umeshika koo. Nilipomgusa paji la uso, joto lake likabaki kwenye kiganja changu.

Mama yake hakuwepo. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji mtoto wa kiume, na hospitali ilikuwa haijamruhusu. Nyumbani tulikuwa mimi, mwanangu na mtoto. Mwanangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Ana mikono ambayo chuma chenyewe kinaiogopa. Asubuhi ile alifunga karakana, akambeba mtoto begani, nami nikafuata nyuma na mkoba wangu, midomo ikisema maombi yake yenyewe, hata sikuyaongoza.

Pale kituo cha afya daktari alimmulika koo kwa tochi. Akaniita nami nitazame. Mafindofindo yote mawili yalikuwa yamevimba mpaka yanakaribia kugusana, na juu yake kuna madoa meupe ya usaha.

"Bibi, hapo ndipo penye kazi," daktari alisema. Alikuwa kijana mwenye sauti iliyochoka, na nje foleni ilikuwa imefika getini. "Nampa dawa ya maji ya kuua wadudu, na vidonge vya kutuliza maumivu na homa, nusu nusu. Anzeni na cha maumivu. Kikishafanya kazi ndipo mumpe ile ya maji. Na anywe vitu, maji, maziwa, chochote. Akigoma kunywa kabisa, au mate yakaanza kumtoka kwa kushindwa kuyameza, au akipumua kwa shida, msikae nyumbani. Mrudisheni hapa hapa. Asipokunywa dawa itabidi alazwe, achomwe."

Mheshimiwa alisikia neno moja tu katika hayo yote. Alimkumbatia baba yake shingoni mpaka kifungo cha kola ya shati kikakatika.

Tulifika nyumbani. Nikamkalisha kwenye kile kiti chake cha kuagizia, nikavunja kidonge nusu, nikampa na maji. Alikiweka ulimini kwa utii. Akajaribu kumeza. Nikaona macho yanamtoka, maji yakapita, kidonge kikabaki. Kikaanza kuyeyuka pale pale ulimini, na nyie mnajua uchungu wake. Alikitema kwenye kanga yangu, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Kinauma," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, imejaa pamba.

"Jaribu tena, mama. Kadogo tu."

"Sitaki."

Mwanangu alikuwa anatikisa ile chupa ya dawa ya maji, kama daktari alivyoelekeza. Ni dawa ya rangi ya waridi, inanukia matunda, ukiinusa utadhani ni peremende. "Achana na hicho kidonge, Mama," aliniambia. "Dawa yenyewe ni hii. Hii ndiyo inaua. Hiki kingine ni cha maumivu tu, maumivu si yataondoka yenyewe wadudu wakifa?"

Nilimwona ana akili. Ndivyo tulivyoiacha dawa ya maumivu mezani, na kumletea kijiko mtoto ambaye koo lake bado ni kidonda kibichi.

Alifunga mdomo. Nimelea watoto sita, nimewahi kuona midomo iliyofungwa, lakini ule haukuwa mdomo, ulikuwa ukuta. Baba yake alibembeleza. Akaahidi baiskeli. Akaahidi atamchomelea geti dogo la nyumba ya mwanasesere, lenye kitasa cha kweli. Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa kila ahadi, polepole, ili koo lisiume.

"Mama," mwanangu aliniambia, jasho linamtoka, "sisi ulikuwa unatubana pua."

"Nilikuwa nabana, ndiyo. Na wewe ulikuwa unanitapikia yote kifuani. Hujui tu, ulikuwa mdogo."

"Lakini tulipona."

"Mlipona kwa rehema ya Mungu, siyo kwa pua."

Hakunisikiliza. Alimlaza chali mapajani, akambana kati ya magoti yake kama anavyobana chuma kwenye jiliwa pale karakana, akashika pua. Mtoto alihimili kwa muda. Kisha akafungua mdomo kuvuta pumzi, na kijiko kikaingia mpaka nyuma kabisa.

Sitaki kuusikia tena ule mlio. Dawa ilipita kulikopaswa kupita hewa. Alikohoa bila sauti kutoka, uso ukabadilika rangi, macho yanatutazama sisi wawili, yanatuuliza. Nilimnyakua, nikamkalisha, nikamwinamisha mbele, nikimpiga mgongoni. Ikatoka dawa, ikatoka mate, mwishoni ikatoka kilio. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Mwanangu aliketi chini sakafuni. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Sifanyi tena," alisema.

"Usifanye tena."

Kwa hiyo tulibaki na njia ya ujanja.

Mheshimiwa ana kikombe chake chekundu cha plastiki, chenye mkono mmoja na alama za meno ukingoni. Hanywi kwa kikombe kingine. Na tangu alipoamka, kitu pekee alichokuwa anakubali kupitisha kooni kilikuwa maziwa ya baridi, humo humo kwenye kikombe chekundu, funda moja, anapumzika, funda jingine. Hayo maziwa ndiyo yaliyokuwa yanamshikilia.

Wazo lilikuwa la mwanangu, mkono ulikuwa wangu. Alipima dawa jikoni, mimi nikaimimina kwenye maziwa, kikombe kizima mpaka juu, ili ladha ipotee. Nikaongeza sukari. Nikakoroga mpaka rangi ya waridi ikamezwa na weupe. Niliomba nikiwa nakoroga. Nilisema, Mola wangu, mfanye asijue.

Nikampelekea nikitabasamu. "Haya Mheshimiwa, maziwa yako."

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa funda dogo, kama la ndege. Akatulia. Nikaona ulimi unazunguka ndani ya shavu, unatafuta. Kisha akainua macho. Hayakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kusema.

"Bibi. Umeweka."

"Nimeweka sukari, mama. Ndiyo unayoisikia."

"Umeweka."

Akakiweka kikombe chini, taratibu, mbali na miguu yake, kama mtu anayeweka kitu kinachouma. Akajifunika uso kwa mto.

Nilikwenda kukiosha. Nikakiosha kwa sabuni na majivu, nikaleta maziwa mengine, safi, sikuweka hata sukari. Akanusa hewa tu na kugeuka ukutani. Nikaleta maji kwenye kikombe kile. Akakataa. Nikaleta maji kwenye glasi. Akakataa. Baba yake akaleta soda, soda ambayo siku nyingine huwa anaililia mpaka majirani wanasikia. Akaisukuma.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Tulikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia kwa huyu mtoto, tukaufunga wenyewe. Dawa hakunywa. Na sasa hata maji hanywi.

Jua likapanda, bati likaanza kulia kwa joto. Nilikaa kando yake nikimpepea kwa kipande cha boksi. Midomo ilikuwa imeanza kupasuka pembeni. Nikamgusa nguo ya ndani, kavu. Nikamuuliza, "Hutaki kwenda chooni?" Akatikisa kichwa. Sikukumbuka alienda lini. Mwanangu alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Kaa chini," nilimwambia, "unanizungusha kichwa."

"Nikikaa nitafanya nini?"

Mtu ukiwa mzima unadhani mapenzi yatatafuta njia. Sisi tulikuwa nayo mapenzi, yamejaa chumba, na mtoto amelala katikati yake na kiu.

Simu ikalia. Ni mama yake, kutoka wodini. Mwanangu aliitazama inavyolia, akanipa mimi, nikamrudishia.

"Nisalimie Mama," tulimsikia. "Mheshimiwa amekunywa dawa?"

"Tunaendelea naye," mwanangu alijibu.

"Mnaendelea naye vipi? Amekunywa au hajanywa?"

"Tunaendelea."

"Baba Mheshimiwa, mimi nimepasuliwa tumbo, sijapasuliwa akili. Mpe simu niongee naye."

Alimwekea simu sikioni. Tukasikia sauti ya mama ikiita, mwanangu, malkia wangu, kunywa dawa nije nikuletee mdogo wako. Mtoto alisikiliza. Chozi likatoka jicho moja, likashuka mpaka sikioni, kwenye simu. Mdomo ukafunguka kidogo kama anataka kujibu, na badala ya neno yakatoka mate, yakachuruzika kidevuni. Hakuyameza. Hakujaribu.

"Mbona hasemi?" mama yake aliuliza. "Mbona hasemi?"

Mwanangu alikata simu. Hatukuulizana. Nilichukua mkoba na ile chupa na vidonge, yeye akambeba mtoto, tukatoka bila hata kufunga dirisha.

Kituoni foleni ilikuwa imekwisha, wanafagia. Daktari alitoka hadi mlangoni aliposikia neno mate. Akamkalisha mtoto, akasikiliza anavyopumua, akamwambia afungue mdomo. Aliufungua, kwa shida, lakini aliufungua. Akamulika kila upande, akampapasa shingo, akamgeuza kichwa huku na huku.

"Hewa inapita vizuri, na hakuna jipu," alisema. "Anachuruza kwa sababu kumeza kunamuuma mno. Lakini anakauka. Kile kidonge alikunywa saa ngapi?"

Mwanangu akajibu, "Alikitema. Hatukurudia."

"Na ya maji?"

Mwanangu akaeleza yote, pua, kikombe, kila kitu. Anapenda ukweli huyu mtoto wangu, hata ukimdhalilisha. Daktari hakufoka. Alitazama saa.

"Nawapa nafasi moja. Akishindwa kunywa kabla sijafunga, naandika alazwe hospitali kubwa, awekewe maji na sindano. Nesi atawasaidia."

Nesi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Cha kwanza, dawa ya maumivu ya kuingiza njia ya haja kubwa, kwa kuwa ile ya mdomoni hakuipata. Mheshimiwa alilia kwa hilo, akaona kadhalilishwa, lakini lilikwisha haraka. Kisha nesi akavuta kiti, akasema tungoje.

"Tungoje nini?" mwanangu aliuliza.

"Tungoje ifanye kazi, Baba. Ukimpelekea mtoto kitu kooni kabla maumivu hayajapoa, unamfundisha kuwa kumeza ni adhabu. Kidonge hiki kinasagika. Nyumbani mnakisaga kwenye kijiko kimoja cha maji ya sukari, anamaliza mara moja. Siyo kila kidonge kinasagwa, mkipewa kingine muulize kwanza. Na dawa haiwekwi kwenye kikombe kizima. Asipokimaliza utajuaje amepata kiasi gani?"

"Na akishajua tumeweka?" niliuliza.

Nesi alivaa miwani yake. "Hapo ndipo pagumu, Mama," alisema.

Tulingoja. Nilihesabu vigae vya ukuta nikapoteza hesabu. Homa ilianza kushuka, nywele zake za pembeni zikalowa jasho. Nesi akatoa bomba la sindano. Mheshimiwa alipoliona alipanda juu ya baba yake kama paka.

"Tazama, halina sindano," nesi alisema. "Angalia ncha. Butu. Shika mwenyewe."

Hakushika. Nesi akavuta maji kutoka glasi, akampiga nayo mwanangu usoni. Fundi wangu akaruka. Sikutegemea, nikacheka. Mheshimiwa hakucheka, lakini shingo ilisogea.

"Akae wima mapajani kwako, Baba, wala usimbane," nesi alielekeza. "Ncha unaiingiza pembeni, kati ya shavu na fizi, siyo nyuma kooni. Tone dogo. Unangoja ameze. Tone dogo tena. Mama, wewe ndiye bibi? Mpe wewe."

"Mimi hatanikubali."

"Ndiyo maana nasema wewe. Mimi nyumbani kwenu sitakuwepo."

Nilivuta maji. Mheshimiwa alilitazama bomba, akanitazama mimi, kisha akainyooshea kidole ile glasi.

"Umeweka?"

"Sikuweka."

"Wewe kwanza."

Nilinyunyiza maji mdomoni mwangu, mbele yake, nikafungua mdomo aone nimemeza. Akafikiri. Akamnyooshea kidole baba yake. Baba yake naye akanywa. Akamnyooshea kidole nesi.

"Na mimi?" nesi alisema. "Haya, Mheshimiwa. Hapa kwako hata wakubwa wanakaguliwa." Akanywa.

Ndipo akafungua mdomo upande mmoja, upana wa kidole. Niliweka tone. Uso ukakunjamana, koo likapanda, likashuka. Nikaweka jingine. Kwa muda mrefu tulimpa maji tu, tone kwa tone, na daktari alipita mlangoni mara moja akatazama saa, akaondoka.

Kisha nesi akatikisa ile chupa, akavuta dawa ya waridi palepale mtoto akiona.

"Mwambieni," alisema kwa sauti ya chini.

Ningependa kusema si dawa. Ulimi wangu ulikuwa tayari. "Hii ni dawa, mama," nilisema. "Siyo maziwa. Ina ladha unayoijua. Nitakupa kidogo, nitangoja mpaka useme."

Alifumba macho. Alimeza tone la kwanza. La pili alilitema likatiririka kwenye mkono wa baba yake, na baba yake hakuusogeza mkono. La tatu alimeza. Alilia bila sauti akiwa anameza, na mimi nikawa nangoja, na yeye akawa anafungua tena upande ule ule, siyo kwa sababu ya kuniamini. Alikuwa amechoka kutukatalia. Nililiona hilo wazi kabisa, na nikaendelea, kwa sababu sikuwa na lingine.

Kile alichotema kilikuwa kidogo, nesi akasema kisirudiwe. Daktari aliposikia ameshakojoa, akaitikia kwa kichwa na kutuachia twende. "Lakini akigoma tena, msingoje jua lipande," alisema. "Na dawa hii mpaka iishe, hata akianza kukimbia uani."

Siku nyingi mbele yetu, kila siku mara kwa mara, na kila mara ule mdomo.

Nyumbani jua lilikuwa linazama. Mwanangu alimpigia mkewe, akamwambia ukweli wote, safari hii hakuruka kitu, nami nikasikia kilio upande wa pili, kisha sauti ikiuliza, "Amepata yote?" "Karibu yote," alijibu.

Nilikwenda jikoni. Kikombe chekundu kilikuwa juu ya ubao wa vyombo. Nikakinusa. Baada ya sabuni yote ile, na majivu, bado kulikuwa na harufu ya matunda, kwa mbali, au labda ni pua yangu. Nikachukua glasi, nikamimina maziwa ya baridi, nikampelekea.

Mheshimiwa alikuwa kwenye kiti chake, bomba lile tulilopewa ameliweka mapajani. Aliitazama glasi.

"Wewe kwanza," alisema.

Nilikunywa. Nikafungua mdomo, nikamwonyesha.

"Tena."

Nikakunywa tena. Akamwita baba yake, naye akanywa, akiwa amepiga magoti sakafuni na masharubu meupe ya maziwa. Akaichukua glasi, akaishika kwa mikono miwili kama alivyokishika kile kikombe asubuhi. Akainusa. Tulikaa mbele yake, watu wazima wawili, mikono mitupu, tukiutazama mdomo wake.